SOMO: Rekodi za kutredi kwa ajili ya kodi, muamala mmoja mstari mmoja

Wakuu, kila mwaka ukikaribia kuisha naulizwa swali lile lile: "Salio langu Januari lilikuwa hivi, sasa ni hivi, si nikitoa napata faida ya mwaka?" Hapana. Naandika mara moja, mbele ya safari nitakuwa natuma tu kiungo cha uzi huu.

Kodi ya faida ya mauzo haiangalii salio. Inaangalia tukio: siku ulipouza kitu, au ulipokibadilisha na kitu kingine, ulipata kiasi gani, na kitu hicho kilikugharimu kiasi gani. Salio la mwisho limechanganya fedha ulizoongeza kutoka mfukoni, ulizotoa kwa matumizi, na mali ambayo bado hujaiuza. Huwezi kulichambua baadaye kama hukuandika.

Nitatumia kripto kwa sababu ndiko watu wanakopotea zaidi. Mwenye hisa atafuata njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1. Pakua historia yote ya miamala kutoka kila soko unalotumia, kwa faili la CSV. Siyo picha ya skrini.

Hatua ya 2. Weka mafaili asili kwenye folda yake na usiyaguse. Fanyia kazi nakala.

Hatua ya 3. Hamishia kila kitu kwenye jedwali moja. Langu liko hivi (tarehe na bei ni za kubuni, thamani ni kwa dola):

```
tarehe_utc,aina,sarafu,kiasi,thamani,makato,namba
2024-02-05 09:14,NUNUA,ETH,1,1500,15,A-01
2024-06-11 17:40,NUNUA,ETH,1,2400,24,A-02
2024-09-03 06:22,UZA,ETH,-1.5,3300,33,A-03
2024-11-20 20:05,BADILI,ETH,-0.5,1000,0,A-04
2024-11-20 20:05,BADILI,SOL,5,1000,0,A-04
```

Kinachoingia ni chanya, kinachotoka ni hasi. Kama kodi yako unalipa kwa fedha tofauti na dola, ongeza safu ya kiwango cha ubadilishaji cha siku ile ile ya muamala, na uandike umekitoa wapi. Usichukue kiwango cha Desemba ukakipiga juu ya mwaka mzima.

Hatua ya 4. Piga hesabu ya kila mauzo. Tuchukue A-03. Fungu la kwanza lilinigharimu 1,515 pamoja na makato, la pili 2,424. Nimeuza ETH 1.5 kwa 3,300, makato 33, mkononi 3,267. Nikifuata utaratibu wa kilichoingia kwanza hutoka kwanza, nimeuza fungu la kwanza lote na nusu ya la pili: 1,515 + 1,212 = 2,727. Faida ni 540.

Nikifuata wastani, kila ETH imegharimu 1,969.50, kwa hiyo 1.5 ni 2,954.25 na faida ni 312.75. Mauzo ni yale yale, majibu mawili tofauti. Ile tofauti ya 227.25 haijapotea. Imebaki ndani ya nusu ETH niliyonayo: kwa njia ya kwanza ina gharama ya 1,212, kwa wastani 984.75.

Njia ipi utumie huchagui kwa kupenda, sheria ya mahali unapolipa kodi ndiyo inayosema. Marekani, usipotambulisha fungu mahususi, kilichoingia kwanza ndicho kinachohesabiwa kutoka kwanza. Uingereza wanaweka kwenye kapu moja na kuchukua wastani. Ndiyo maana nasisitiza mistari na siyo jumla. Ukiwa na mistari unaweza kurudia hesabu kwa njia yoyote utakayoambiwa. Ukiwa na jumla tu, umekwama.

Halafu A-04. Sikugusa fedha taslimu, nimebadili ETH 0.5 na SOL 5. Wengi hawaandiki hapa. Kwa nchi nyingi zinazotoza faida ya kripto, Marekani na Uingereza zikiwemo, hayo ni mauzo kamili: ETH imetoka kwa thamani ya 1,000, gharama yake (njia ya kwanza) 1,212, hasara 212. Na zile SOL zinaanza maisha kwa gharama ya 1,000. Ukiruka mstari huu umepoteza hasara unayoruhusiwa kuidai, na siku ukiuza SOL hutajua zilikugharimu nini.

Hatua ya 5. Uhamisho kati ya pochi zako mwenyewe. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Mwaka mmoja nilitoa sarafu soko la kwanza nikazipeleka pochi yangu, kisha soko la pili, nikauza huko. Faili la soko la kwanza liliandika "Withdrawal", mimi nikaiweka kama UZA. Faili la soko la pili likaandika "Deposit", bila bei, nikaiacha gharama sifuri. Matokeo: mauzo ambayo hayakuwahi kutokea upande mmoja, na upande wa pili fedha zote za mauzo zikaonekana ni faida tupu. Kodi iliyotoka kwenye jedwali ilizidi faida yangu halisi ya mwaka mzima. Niliporudi kutafuta bei za kununulia, lile soko la kwanza lilikuwa limeshafungwa. Nilizipata kwa kuchimba barua pepe za uthibitisho, moja moja, wiki mbili.

Tahadhari tatu zinatoka hapo. Uhamisho uandike HAMISHA mistari miwili, unaotoka na unaoingia, na gharama ya ununuzi isafiri na sarafu. Kiasi kinachoingia kitapungua kidogo kwa sababu ya makato ya mtandao; hayo nayo yana mstari wake, la sivyo salio halitakaa sawa. Na pakua faili kila mwezi, usisubiri mwaka uishe, maana soko likifunga milango historia inaondoka nalo.

Hatua ya 6. Kagua. Jumla ya safu ya kiasi kwa kila sarafu lazima ilingane na kilichopo kwenye pochi leo:

```
=SUMIFS(D:D,C:C,"ETH")
```

Kwenye mfano wangu inatoa 0, sawa, ETH zote zimetoka. Ikitoa hasi, kuna ununuzi au uhamisho hujauandika. Ikizidi kilichopo, kuna mauzo au makato umeyaruka. Usianze kupiga faida kabla namba hii haijakaa.

---

Maswali

mchuma_pips: Mkuu mimi mwaka huu nimekula hasara tupu. Si sina haja ya haya yote?

Mwandishi: Hasara ndiyo yenye haja kubwa zaidi. Sehemu nyingi unaruhusiwa kuitoa kwenye faida, hata ya mwaka unaofuata, lakini lazima uioneshe muamala kwa muamala.

kijana_wa_chati: Salio la mwisho toa la mwanzo ndo faida. Mnapenda kufanya mambo magumu.

Mwandishi: Soma aya ya pili.

kijana_wa_chati: Nimesoma. Mimi sijaongeza wala kutoa hela.

Mwandishi: Na sarafu ulizonazo zimepanda bei tangu ununue?

kijana_wa_chati: Ndio, karibu zote.

Mwandishi: Basi unataka kulipia faida ambayo hujaiuza bado. Ni hela yako.

bi_hesabu: Asante kwa somo kaka. Makato yangu soko linayakata kwa sarafu ya tatu. Nanunua ETH kwa dola, lakini makato yanatoka kwenye BNB. Hayo nayaweka wapi?

Mwandishi: Dada, hili swali nililitamani. Mistari inakuwa miwili. Wa kwanza ni ununuzi wa ETH, na thamani ya ile BNB kwa wakati ule inaingia kwenye gharama ya ETH. Wa pili ni BNB kutoka, kiasi hasi, maana umeitumia kulipia kitu, na mahali pengi kutumia ni sawa na kuuza. Kama BNB ilinunuliwa kwa 3 ukailipia makato ya 4, una faida ya 1. Moja moja ni ndogo, ila mtu mwenye miamala elfu moja ataiona. Na usipoandika, ukaguzi wa hatua ya 6 kwa BNB hautakaa sawa kamwe.

bi_hesabu: Kumbe ndiyo maana BNB yangu haijawahi kulingana! Na zawadi za kuweka sarafu dhamana, zile zinazoingia kidogo kidogo kila siku?

Mwandishi: Zipe aina yake, nimeiita ZAWADI. Andika thamani ya siku ilipoingia. Marekani, kwa mfano, thamani hiyo inahesabiwa kipato siku unapoipokea, kisha inageuka kuwa gharama yako siku ukiiuza. Ukiacha gharama sifuri unatozwa mara mbili kwa kitu kimoja.

usiku_mwema: Ripoti ya mwaka ya MT5 inatosha?

Mwandishi: Ni mwanzo mzuri, tredi moja moja zimo na ada za kulaza nafasi zimo. Pakua orodha kamili, siyo ukurasa wa muhtasari. Imeandikwa kwa fedha ya akaunti, kwa hiyo kazi ya viwango vya kubadilishia ni yako. Na saa za humo ni za seva ya broka.

usiku_mwema: Saa zina shida gani tena?

Mwandishi: Tredi ya tarehe 31 Desemba saa tano usiku kwa UTC, kwa aliye mbele kwa saa tatu ni saa nane usiku wa Januari mosi. Mwaka mwingine wa kodi huo. Ndiyo maana safu yangu inaitwa tarehe_utc, nageuza mwishoni, mara moja, kwa wote.

mzee_wa_hisa: Mimi ni wa hisa. Nikiuza kwa hasara leo nikanunua tena kesho, hasara yangu ipo?

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Inategemea. Marekani, ukinunua hisa ile ile ndani ya siku 30 kabla au baada, hasara hairuhusiwi kwa sasa, inaongezwa kwenye gharama ya hisa mpya. Uingereza, ukinunua tena ndani ya siku 30 zinazofuata, mauzo yanalinganishwa kwanza na ununuzi huo mpya badala ya kapu. Kote kuwili tarehe ndiyo inayoamua, na tarehe iko kwenye mstari.

mzee_wa_hisa: Marahaba. Na hisa zikigawanywa, moja ikawa nne?

Mwandishi: Gharama yote inabaki, idadi inabadilika. Hisa 10 za jumla ya 800 zinakuwa 40, gharama ya kila moja 20. Ongeza mstari wa aina GAWANYA, kiasi 30, thamani 0. Usirudi kubadilisha mistari ya zamani, haitalingana tena na stakabadhi za broka.

faida_tu: mkuu nitumie hilo jedwali pm

Mwandishi: Safu saba ziko hapo juu. Nakili, bandika.

bi_hesabu: Kidokezo kwa wote: tengenezeni kichujio kwenye barua pepe, kila uthibitisho wa soko uingie lebo moja peke yake. Nimeweka leo baada ya kusoma zile wiki mbili za mwandishi.

Mwandishi: Na anwani ya barua pepe iwe ile utakayokuwa nayo miaka yote, siyo ya kazini. Yangu ya kazini ilifungwa siku nilipoacha kazi.