Jinsi ya kumwandikia rafiki wa siku nyingi kwamba unampenda, bila kumbana

Ujumbe wa namna hii una kazi mbili tu: kusema ukweli usioweza kueleweka vibaya, na kumwachia mwenzako nafasi ya kusema ndiyo au hapana bila kulipa gharama. Nyingi huharibika kwenye kazi ya pili. Tuchukue mfano wa mtu anayemwandikia Neema, rafiki yake wa miaka 8. Rasimu yake ya kwanza ni hii:

"Mambo Neema. Samahani kwa ninachotaka kukuambia, najua utanichukia. Tangu mwaka jana nateseka kwa ajili yako. Nakupenda sana. Tafadhali usiniache, bila wewe sijui nitafanyaje. Nijibu leo, sitalala."

Hatua ya 1: Ondoa kila kinachodai. Pitia sentensi moja moja ukijiuliza: Neema akitaka kukataa, sentensi hii itamfanya ajione mkatili? "Nateseka" inamfanya mdaiwa wa maumivu ambayo hakujua yapo. "Usiniache" inamwambia kwamba hapana yake ni kukutupa. "Utanichukia" inamlazimisha aanze kukubembeleza kabla hajajua anachohisi mwenyewe. "Nijibu leo" haihitaji maelezo. Ukizifuta zote, kinabaki kitu kimoja: nakupenda sana.

Hatua ya 2: Fafanua hilo "nakupenda". Kwa Kiswahili, neno hili tunamwambia mama, dada, hata rafiki aliyetuletea zawadi. Neema anaweza kujibu "hata mimi nakupenda", nawe ukakesha ukijiuliza alimaanisha lipi. Kwa hiyo ongeza maneno yanayofunga mlango wa utata: "si kirafiki tu, ningetamani tuwe wapenzi." Usimalizie na kikatuni kinachocheka wala "natania bwana". Hapo unajiachia njia ya kukimbia, naye anabaki hajui ajibu utani au ukweli.

Hatua ya 3: Taja hisia zilianza lini, kwa sentensi moja. Ukikaa kimya kuhusu hilo, anaweza kurudi nyuma miaka yote 8 akishuku kila ulipomsaidia. Sema kweli. Kama ni mwaka jana, andika mwaka jana.

Hatua ya 4: Iandike hapana kwa herufi zake. "Jibu lolote ni sawa" husikika kama adabu tu. Afadhali umpe hapana iliyo tayari kutumika, na umwambie hadaiwi sababu. Pia usiahidi kwamba hakuna kitakachobadilika, maana hilo hutalimudu. Kitabadilika kidogo, na nyote mtakiona. Ahidi jambo dogo lililo mikononi mwako.

Rasimu ya pili:

"Neema, hili lisome ukiwa umetulia. Tangu tuanze mazoezi pamoja mwaka jana, hisia zangu zimebadilika. Nakupenda, si kirafiki tu, ningetamani tuwe wapenzi. Hujafanya lolote la kunipa matumaini, ila sikutaka kuendelea kukuficha. Kama kwako si hivyo, andika 'hapana' tu, huhitaji kunieleza sababu. Ukitaka siku kadhaa, chukua, sitakuuliza tena. Jumamosi tukiwa na wenzetu sitaligusia kabisa."

Sentensi saba. Zikifika kumi na tano, mara nyingi umeanza kujitetea. Sauti iliyorekodiwa haifai sana hapa: pumzi na kutetemeka kwake humtia mtu huruma kabla ya maneno kumfikia, na hawezi kuipitia haraka kutafuta kilichosemwa.

Hatua ya 5: Chagua saa. Tuma jioni ambayo hana mtihani wala safari kesho yake, na si usiku wa manane. Jumatatu au Jumanne inafaa kuliko Ijumaa kama mtaonana Jumamosi. Ikiwa ana mchumba, usitume; hapo unamkabidhi siri ya kumficha mtu mwingine.

Hatua ya 6: Ukishatuma, usiguse. Kufuta ni kosa kubwa kuliko kukosea tahajia, kwa sababu kwenye WhatsApp alama ya ujumbe uliofutwa hubaki, na atawaza mabaya kuliko ulichoandika. Tiki zikiwa za bluu bila jibu, ameshasoma na anafikiri. Usitume alama ya kuuliza, wala kichekesho cha kupima hewa, wala rafiki wa pamoja akadodose.

Akisema hapana, mjibu kwa mistari miwili: "Nimekuelewa, asante kwa kuniambia wazi. Nitakaa kimya siku chache, halafu tutaongea kama kawaida." Usiulize kama kuna mwingine. Akisema "sijui", usiifanye ndiyo inayochelewa. Mwambie umeelewa, umwache alianzishe yeye. Wiki mbili zikipita kimya kabisa, ichukulie kuwa ni hapana, na ukimwandikia tena, mwandikie kuhusu mazoezi.