Mkopo umekataliwa? Soma hii kabla hujajaza fomu nyingine

Wakuu, nichukulie mfano wa dada mmoja muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kaomba milioni 5 benki, kajibiwa "hujakidhi vigezo", basi. Hilo sio jibu, na ukikimbilia benki ya pili na majibu hayo hayo wanakukataa tena.

Hatua ya 1. Andika barua kwa meneja wa tawi, usiishie kumuuliza afisa mikopo kwa mdomo. Taja tarehe ya maombi na kiasi, halafu uliza moja moja: shida ni taarifa zangu za mikopo, mzunguko wa akaunti, au dhamana? Kama ni taarifa za mikopo, zimetoka taasisi gani? Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 2. Omba ripoti yako mwenyewe kwenye taasisi ya taarifa za mikopo, mfano Creditinfo. Huyu dada alikuta deni la elfu 38 la mkopo wa simu ambalo alishalisahau kabisa, laini yenyewe haitumii. Benki haiangalii udogo wa deni, inaangalia kwamba hukulipa.

Hatua ya 3. Lipa, omba uthibitisho wa kumaliza deni, halafu subiri uchukue ripoti mpya uone salio limesoma sifuri, maana kulipa ni kitu kimoja na mkopeshaji kupeleka taarifa ni kingine.

Hatua ya 4, na hapa ndo wengi tunafeli. Dada anauza kama milioni 3 kwa mwezi ila akaunti inaonyesha laki 6 tu, zingine zinaishia mkononi. Milioni 5 kwa mwaka, na riba, rejesho linakaribia laki 5. Kwa macho ya benki huyo habaki na kitu! Kwa hiyo miezi sita apitishe mauzo yote benki, aombe milioni 2 kwanza, na amwambie afisa wazi kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, ili tarehe ya rejesho isiangukie siku za ukame.

MASWALI

Nikilipa, historia inafutika?
Hapana mkuu, salio linakuwa sifuri ila ule ucheleweshaji unaendelea kuonekana kwa muda. Bado ni afadhali kuliko deni lililo wazi.

Kaka, deni sio langu, laini anatumia mdogo wangu huku Sengerema.
Kama imesajiliwa kwa NIDA yako, deni linasoma kwako. Piga *106# uone laini zote zilizo kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ifutwe, na deni lake ulipinge kwa maandishi.

Barua nimepeleka, wako kimya tu.
Peleka malalamiko rasmi hapo hapo benki kwanza, wakikaza ndo uende BoT, tawi lipo hapa hapa Mwanza. Watawabana wakujibu dada yangu, ila hawawezi kuwalazimisha wakukopeshe.