Kikomo chenye umbo 1^∞: usikimbilie kuandika 1

Wanafunzi wengi wa kidato cha sita ninaowafundisha hapa Mbale, wakipewa (1 + 1/n)^n, huandika 1. Hoja yao ni kwamba mabano yanaelekea 1, na 1 hata ukiipa kipeo gani hubaki 1. Wanachosahau ni kwamba n inakua ndani ya mabano na kwenye kipeo kwa wakati mmoja. Jaribu kwenye kikokotoo: n = 10 inatoa 2.5937, n = 100 inatoa 2.7048, n = 1000 inatoa 2.7169. Namba zinaelekea e, yaani 2.71828 na kuendelea.

Tuchukue swali hili, n ikikua bila mwisho:

((n + 4)/(n + 1))^(2n)

Kwanza kagua umbo. Mabano yanaelekea 1, kipeo kinaelekea ∞. Usiruke ukaguzi huu: (2 + 1/n)^n haina umbo hilo, inakua tu bila mwisho, na njia ya hapa haiihusu.

Pili, andika mabano kama 1 + u. Toa 1 kwenye sehemu: (n + 4)/(n + 1) − 1 = 3/(n + 1). Hiyo ndiyo u, ile ziada juu ya 1.

Tatu, zidisha ziada kwa kipeo: 2n × 3/(n + 1) = 6n/(n + 1). Gawa juu na chini kwa n, unapata 6/(1 + 1/n), inayoelekea 6.

Jibu ni e^6, takribani 403.4.

Kwa nini inakubali? Chukua logi asilia ya swali zima: 2n × ln(1 + u). Kwa kuwa ln(1 + u)/u huelekea 1 pale u inapoelekea 0, unaweza kuweka u mahali pa ln(1 + u). Kwa hiyo logi inaelekea 6, na swali lenyewe linaelekea e^6. Kwenye mtihani, andika mstari huu wa logi. Mimi nisipouona hukata alama.

Kila kitu kinategemea lile zao la hatua ya tatu. Kwa (1 + 1/n²)^n zao ni 1/n, linaelekea 0, kwa hiyo kikomo ni e^0, na hapo 1 ni jibu halali. Kwa (1 + 1/n)^(n²) zao ni n, na hakuna kikomo.

Ukitaka kuhakiki kwa namba, weka n = 1000 kwenye swali letu: unapata kama 397.4, bado inapanda kuelekea 403.4. Ila usiweke n kubwa kupita kiasi. Kompyuta yenye Python, kwa mfano, ukiiandikia

```
(1 + 1e-16)**1e16
```

itakujibu 1.0. Tarakimu zake hazitoshi kuihifadhi ile ziada ndogo, kwa hiyo mabano yamekuwa 1 kamili kabla kipeo hakijafanya kazi.