SOMO: Bomu la baharini linategwaje, linaondolewaje, na kwa nini la bei chee linafunga njia ya meli

Wakuu, kila mlango-bahari wa Hormuz, pa kuingilia Ghuba ya Uajemi, ukitajwa kwenye habari naulizwa "si watume manowari wayatoe tu?" Naandika mara moja, akiuliza mwingine mpeni huu uzi. Mfano wetu ni Ghuba ya Uajemi, 1987-88, vita vya Iran na Iraq.

1. Kumwaga. Chombo chochote chenye deki kinatosha. Iran Ajr, meli ya Iran iliyokamatwa usiku Septemba 1987 ikidondosha mabomu, ilikuwa chombo tu cha kubeba mizigo na kuishusha ufukweni.

2. Bomu kukaa. Lile la M-08, muundo wa Kirusi wa 1908, nanga yake inalala chini, waya unalishika, tufe linaelea chini kidogo ya uso wa maji. Meli ikigonga pembe zake, kwisha habari.

3. Kufagia. Meli inakokota waya wenye visu, visu vinakata waya wa bomu, linaibuka, linapigwa risasi kwa mbali.

4. Kuhakikisha pamesafika. HAPA NDIPO WATU WANAPOTEA. Kuna mabomu yanalala sakafuni kabisa hayana waya, kwa hiyo visu vinapita juu patupu, yenyewe yanasubiri sumaku ya chuma cha meli au mlio wa injini, na mengine yana kihesabio, yanaacha meli kadhaa zipite salama afu ndo yanalipuka. Kwa hiyo meli tano kupita sio ushahidi wa kitu! Inabidi kukagua kila kitu kwa sona, chombo kinachotoa mlio majini na kupokea mwangwi, na sakafuni kuna mapipa, mawe, vyuma chakavu, vyote vinafanana na bomu. Kumwaga ni usiku mmoja, kukagua ni wiki.

Sasa hesabu. Tarehe 14/4/1988 manowari ya Marekani Samuel B. Roberts iligonga M-08, bomu la kama dola 1,500. Mkuku, uti wa mgongo wa meli, ukavunjika, matengenezo yakala karibu dola milioni 90. Mwenye tanka la mafuta akisikia hivyo, na bima ikapandishwa, anasimamisha meli hata kama bomu lilikuwa moja.

MASWALI

— Mkuu kwani sona haiyaoni?
Hatua ya 4. Soma.

— Sawa ila fupisha basi, ndefu mno
Ndo fupi hiyo.

— Nimesikia tanka Bridgeton iligonga bomu Julai 1987 ikaendelea na safari, manowari zilizokuwa zinailinda zikahamia nyuma yake. Ni kweli?
Kweli kabisa, swali zuri hili. Tanka lile lilikuwa kubwa mno na limegawanywa matangi mengi, likitoboka moja mengine yanaliweka juu. Manowari ni nyembamba, bomu hilohilo lingeweza kuizamisha. Kwa hiyo mlinzi akajificha nyuma ya anayelindwa.

— Ndo maana meli za kufagia zinaundwa kwa mbao?
Ndiyo, mbao au faiba, zisiamshe yale ya sumaku. Ila bomu la kugusa halijali mbao, jahazi nalo linaliwa.

— Na likikatika waya likaelea lenyewe?
Mkataba wa Hague wa 1907 unataka likikatika life lenyewe. Ukiliona usilisogelee ukahakikishe, toa taarifa.