Setirizini: kidonge cha kwanza kimeze usiku

Dereva wa tuktuk hapa Mombasa mwenye mafua ya mzio, usianze setirizini asubuhi ukielekea kazini. Meza miligramu 10 unapoenda kulala. Dawa hii huingia kwenye ubongo kidogo kuliko piritoni, ndiyo maana husifiwa kuwa haileti usingizi, ila wengine bado huwalegeza. Nguvu yake hudumu takriban saa 24, kwa hivyo mchana pua itatulia. Ukiamka na kichwa kizito, usiendeshe. Muulize mfamasia kuhusu loratadini, ambayo kwa kawaida haisinzishi kama setirizini (wachache huwasinzisha vilevile). Mwenye ugonjwa wa figo aanze kwa daktari, kwani setirizini hutoka kupitia figo na itamkalia mwilini.