Somo: kuandika imeli ya kuomba radhi pale mzigo umemkosa mteja

Jamani hili limetukuta wiki mbili zilizopita, hoteli moja Iringa iliagiza mchele wa Kyela mifuko 40 ya kilo 25, ufike Alhamisi saa 4 asubuhi, sisi tuko Mbeya mjini tukachelewa kupakia, fuso ikaondoka Jumatano usiku ikaharibika Makambako na hakuna aliyempigia mteja mpaka alipotupigia yeye saa 6 mchana, wakati jikoni kwake wana sendofu.

Kwanza piga simu. Imeli inakuja baada ya simu, siku hiyohiyo, ili abaki na maandishi ya kumwonyesha bosi wake.

Pili, kichwa kiseme kitu chenyewe, mfano "YAH: Mchele mifuko 40 wa Alhamisi, tumechelewesha". Ukiandika "Salamu" tu ataifungua kesho.

Tatu, na hapa ndipo wengi tunaharibu, angalia kitenzi. "Mzigo ulichelewa" inasikika kama mzigo ulijichelewesha wenyewe, sema "tulichelewesha". Na ile "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza" iache kabisa, huo "wowote" unamwambia hujui hata umemfanyia nini. Sisi tuliandika hivi:

"Tulikuahidi mchele saa 4 asubuhi leo, haukufika. Kosa ni letu: tulipakia usiku badala ya mchana, na gari lilipoharibika hatukukupigia. Tunajua ulilazimika kununua kilo 60 dukani kwa bei ya juu. Tunaomba radhi."

Makambako haikutajwa kama sababu kwa sababu fuso kuharibika ni kawaida, kupakia mchana kungetuachia muda wa kutafuta gari jingine.

Nne, marekebisho yawe na saa na mtu. Tuliandika mzigo umehamishiwa gari jingine, utafika Ijumaa saa 3 asubuhi, ile tofauti ya shilingi 500 kwa kilo, yaani 30,000, tunaitoa kwenye ankara, na kuanzia sasa mzigo wa Iringa unapakiwa kabla ya saa 8 mchana na mtu wa stoo anampigia mteja gari likitoka. Usiandike "haitajirudia", hilo huwezi kulithibitisha. Fidia pia usiitaje kabla mwenye mali hajakubali.

MASWALI

Mdau wa Mafinga: Dada, kama kosa ni la dereva wa kukodi kweli?
Jibu: Mteja hakumkodi yeye, ulimkodi wewe kaka. Madai yako kwa dereva yamalize pembeni, kwenye imeli asionekane.

Mama wa Tukuyu: Na kama sijajua bado mzigo uko wapi, nisubiri?
Jibu: Hapana mama, tuma mistari miwili sasa hivi: haujafika, tunaufuatilia, saa 10 jioni nakupa jibu. Halafu hiyo saa 10 mpigie hata kama huna jipya.

Mdau wa Mafinga: Kiingereza au Kiswahili?
Jibu: Lugha aliyoagizia.