Ndege imefutwa, wakala anasema tiketi hairudishwi: jinsi ya kudai nauli yako yote

Shangazi yangu wa Ujiji alikuja dukani kwangu Mwanga akiwa na karatasi tatu na macho mekundu. Alikuwa aende Maskati kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake. Alishakatiwa tiketi mbili: ya Kigoma kwenda Dar na kurudi kwa 480,000, na ya Dar kwenda Maskati na kurudi, shirika jingine, kwa 1,480,000. Siku 9 kabla ya safari, shirika la Maskati likatuma ujumbe kwamba ndege ya siku yake imefutwa na yeye amehamishiwa siku nne mbele. Harusi ingekuwa imekwisha.

Wakala alimwambia, "Mama, hii tiketi hairudishwi. Utapata kodi tu, halafu natoa ada yangu." Hesabu yake: kodi 350,000, ada 80,000, chukua 270,000.

Nimefanya kazi ya kukata tiketi Dar kwa miaka sita kabla ya kurudi nyumbani, na nilijua hesabu hiyo si sahihi. Mwishowe shangazi alilipwa 1,480,000 kamili kwa tiketi ya Maskati, na 390,000 kwa ile ya Kigoma. Njia tuliyopita ndiyo hii.

Hatua ya 1: Shika tiketi yenyewe

Risiti ya wakala si tiketi, na karatasi ya ratiba si tiketi. Tiketi ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinaonyesha shirika lililoitoa: 197 ni Air Tanzania, 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Masharti utakayoyadai ni ya shirika hilo.

Angalia pia jina la ofisi iliyotoa tiketi pamoja na namba yake ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Hapa Kigoma watu wengi hukatiwa tiketi na mtu wa kati anayenunua kwa wakala mkubwa Dar. Fedha zikirudi, zitapita kwa ofisi iliyoandikwa kwenye tiketi, kwa hiyo barua yako lazima ifike huko.

Hatua ya 2: Omba masharti ya nauli, ya siku uliyonunua

Kwenye tiketi kuna msimbo wa herufi na namba chini ya neno `FARE BASIS`. Huo ndio jina la nauli yako. Mwambie wakala akutolee kipengele cha `PENALTIES` cha msimbo huo, kwa tarehe tiketi ilipotolewa. Akikufungulia masharti ya leo, nauli yenyewe inaweza kuwa imeshabadilishwa. Usikubali akusomee kwa simu. Akutumie maandishi.

Ya shangazi yalisomeka hivi:

```
CANCELLATIONS
  ANY TIME
    TICKET IS NON-REFUNDABLE IN CASE OF
    CANCEL/NO-SHOW/REFUND.
    WAIVED FOR DEATH OF PASSENGER OR
    FAMILY MEMBER.
```

Yaani abiria akifuta safari, asipotokea uwanjani au akitaka fedha zake, nauli hairudishwi, isipokuwa kwa kifo chake au cha mtu wa familia yake. Wakala alinyoosha kidole kwenye mstari huo akaona kesi imekwisha. Lakini adhabu hizo zinamhusu abiria anayebadili nia mwenyewe. Shirika likifuta ndege, kinachotawala ni masharti ya jumla ya usafirishaji ya shirika hilo. Yako kwenye tovuti yake, na kwa mashirika mengi suala la marejesho limewekwa kwenye Ibara ya 10. Hapo utakuta marejesho ya aina mbili: ya hiari, na yale yasiyotokana na hiari ya abiria, ambayo mawakala huyaita involantari. Ndege ikifutwa na tiketi haijatumika hata kipande, kinachorudi ni nauli yote iliyolipwa. Kama umeshatumia kipande cha kwenda, unarudishiwa tofauti kati ya ulicholipa na nauli ya kipande ulichosafiria.

Basi dai lako lina miguu miwili: masharti ya nauli kuonyesha kwamba adhabu ni ya anayefuta mwenyewe, na ibara ya marejesho kuonyesha kwamba safari hii imefutwa na shirika. Ukipeleka mguu mmoja tu utarudishwa nyumbani.

Hatua ya 3: Thibitisha nani alifuta, na nani alitangulia

Hapa ndipo tulipopoteza siku mbili nzima.

Ujumbe wa shirika kuhusu mabadiliko mara nyingi huja na kitufe cha kukubali. Usikibonyeze kama hutaki safari mpya. Ukikubali, umepokea safari mbadala, na ukija kuikataa baadaye utahesabiwa kuwa wewe ndiye uliyejitoa. Vilevile usiende kwenye tovuti ukafuta bukingi mwenyewe kwa hasira. Na vocha usiipokee kabla hujaamua. Mimi binafsi sishauri vocha hata kidogo kwa mtu wa Kigoma: ina tarehe ya mwisho, ni ya shirika hilohilo, na mama mwenye safari moja kwa miaka mitano ataitumia lini?

Shangazi hakubonyeza chochote. Ila siku aliyomwambia wakala kwamba haendi tena, wakala aliifuta bukingi papo hapo kwenye mashine yake, bila kuandika sababu. Ombi letu la kwanza likajibiwa kwamba abiria amejifuta mwenyewe, kwa hiyo nauli hairudi. Kwa kutazama hali ya mwisho ya bukingi, jibu hilo lilikuwa na mantiki.

Kilichotuokoa ni historia. Kila bukingi inahifadhi kumbukumbu ya kila badiliko, na tarehe na saa yake. Wakala anayetumia Amadeus, mmoja wa mifumo ya kukatia tiketi, huiona kwa kuandika:

```
RH
```

Humo utafuta alama mbili za hali ya safari. `UN` inamaanisha kwamba ndege uliyokuwa nayo haipo tena, imeondolewa na shirika. `TK` inamaanisha safari yenye muda au siku mpya, iliyoletwa na shirika. Zote zinatoka kwa shirika. Abiria hawezi kujiwekea. Kwetu `UN` ilikuwa ya Jumanne asubuhi, na kufuta kwa wakala ni Alhamisi mchana. Shirika lilitangulia kwa siku mbili.

Nilimwomba wakala anipe nakala ya historia hiyo, akasita. Namwelewa. Wakala akitoa rifandi kubwa kuliko shirika linavyokubali, shirika humletea deni baadaye, na deni hilo hulilipa kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana usimlazimishe atoe rifandi kwa mkono wake mwenyewe. Mwambie apeleke ombi la rifandi kwa shirika kupitia BSP, mfumo wa malipo kati ya mawakala na mashirika ya ndege, aandike kwamba ni involantari na aambatishe ushahidi. Hapo shirika ndilo linaloamua na yeye amelindwa. Nilipomweleza hivyo alilegea, kwa sababu hofu yake ilikuwa hapo tu.

Kama historia huipati, ujumbe wa shirika wenye tarehe unatosha kuanzia. Uhifadhi kwa picha inayoonyesha tarehe na namba ya ndege. Simu ya shangazi ilikuwa imejaa na mwanawe alishaanza kufuta meseji. Tuliuwahi wa mwisho.

Kuna hali moja ngumu zaidi: ndege haikufutwa, imesogezwa tu. Saa ngapi zinatosha kukupa haki ya fedha hutofautiana shirika kwa shirika. Tafuta kiwango hicho kwenye sera yao ya mabadiliko ya ratiba kabla hujaandika neno involantari. Ukilitumia kwa ndege iliyosogezwa dakika arobaini, utakataliwa hata sehemu uliyokuwa na haki nayo.

Hatua ya 4: Tiketi nyingine usiiache ife

Ndege ya Kigoma kwenda Dar haikuwa imefutwa. Kwa shirika lake, harusi na Maskati hazikuwahusu, kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili tofauti. Masharti yake yalisema anayefuta kabla ya kuondoka anakatwa 90,000, na asiyetokea hapati nauli. Tuliifuta siku tatu kabla, kwa barua pepe na kwenda ofisini kwao. 480,000 toa 90,000, ikabaki 390,000. Angekaa nyumbani akisubiri kesi ya Maskati iishe, angeikosa nauli yote.

Hatua ya 5: Andika

Barua pepe, si sauti ya WhatsApp. Iende kwa wakala na nakala kwa shirika, na iwe fupi:

```
Tiketi namba: (tarakimu 13)
Bukingi: (herufi 6)
Ndege: (namba na tarehe) imefutwa na shirika,
ujumbe wa tarehe ... umeambatishwa.
Sikukubali safari mbadala. Tiketi haijatumika.
Naomba INVOL REFUND ya kiasi chote kilicholipwa
kwa mujibu wa ibara ya marejesho ya masharti yenu
ya usafirishaji. Adhabu ya PENALTIES haihusiki,
kwa kuwa sikufuta mimi.
Naomba namba ya ombi na tarehe lilipowasilishwa.
```

Mstari wa mwisho ndio unaowafanya wafanye kazi. Wakala anayesema "nimeshatuma" bila namba ya ombi, mara nyingi hajatuma.

Kuhusu ada ya wakala: ile 50,000 aliyolipwa mwanzo kwa risiti tofauti hatukuidai, maana kazi ya kukata tiketi aliifanya. Ile 80,000 ya kushughulikia rifandi tuliikataa, kwa sababu hakuna mahali shangazi aliposaini kuikubali. Soma risiti yako. Kama imeandikwa na umesaini, utailipa.

Hatua ya 6: Fuatilia, kisha panda ngazi

Ukilipa taslimu au kwa simu kupitia wakala, shirika litamrudishia wakala, naye akulipe wewe. Shirika likikwambia "nenda kwa wakala wako" halikufukuzi. Ila wakala akisema fedha hazijaja, liulize shirika hali ya tiketi. Ikisomeka `REFUNDED`, rifandi imeshapitishwa, na swali lako kwake linakuwa la tarehe tu. Kwetu ilisomeka hivyo wiki ya sita. Wakala alilipa siku tatu baadaye.

Wakikunyamazia au kukataa bila kutaja kifungu, peleka malalamiko kwa maandishi TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, au kwa baraza lake la watumiaji, TCAA CCC. Ambatisha majibu ya shirika, kwa sababu watakuuliza kwanza kama ulishalalamika huko. Na usikae na dai mpaka tiketi ipitwe na muda wake, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja tangu itolewe. Baada ya hapo shirika linaweza kulikataa ombi kwa sababu hiyo pekee.

Siku ya kupokea, hesabu dhidi ya tiketi, si dhidi ya maneno. Tafuta mstari wa `YQ` au `YR`, ambao ni tozo la shirika lenyewe na hukaa katikati ya kodi. Kwenye rifandi ya involantari nalo linarudi. Kwa shangazi lilikuwa 310,000, na wakala alikuja kwanza na 1,170,000. Tukamwonyesha mstari, akaenda kuitoa iliyobaki jioni ileile.